Hesabu kona kabla hujafukia bomba

Mafundi wengi hapa Dodoma tunalipima bomba la umeme kwa urefu. Mwenye nyumba akiuliza kama waya utapita, anajibiwa, "Ni mita kumi na nane tu, utapita." Lakini urefu wa namna hiyo mara nyingi si tatizo. Kinachokamata waya ni kona, na athari ya kona haijumlishwi, inazidishwa.

Waya unapopita kwenye kona unalalia upande wa ndani wa bomba. Ukivuta kwa nguvu zaidi, unabana zaidi, na msuguano unapanda papo hapo. Kwa makadirio ya kawaida ya ganda la plastiki ndani ya bomba la plastiki, bila kilainishi, kona moja ya nyuzi 90 inakaribia kuifanya nguvu ya kuvuta kuwa mara mbili. Tuseme waya unaingia kona ya kwanza kwa nguvu ya kilo 2. Baada ya kona hiyo unahitaji karibu kilo 4, baada ya pili 7, ya tatu 13, ya nne karibu 25. Hapo sijaweka uzito wa waya wenyewe.

Ndiyo maana mimi siruhusu zaidi ya kona mbili za nyuzi 90 kati ya boksi na boksi. Zipo kanuni za nje zinazoruhusu hadi nyuzi 360, yaani kona nne. Huo ni ukomo, na kwa kuvuta kwa mkono kwenye vumbi letu si mahali pa kuanzia.

Nikupe mfano wa Nzuguni. Mwenye nyumba alitaka umeme wa pampu nyuma ya nyumba. Bomba la milimita 25 lilikuwa limeshafukiwa na mafundi waliotangulia: kona ya kushuka kutoka kwenye bodi ya umeme, elbo ya kuzunguka shimo la maji taka, kona ya kupanda ukuta wa pampu, na elbo nyingine nyuma ya boksi la swichi. Kona nne, mita kumi na nane, kebo ya kora tatu ya milimita za mraba 4.

Tuliingiza fishi tepu ya kuvutia kebo kutoka upande wa bodi, meni swichi ikiwa imezimwa, maana ule ni ukanda wa chuma. Ikagoma. Hapo usiisukume kwa hasira, itajikunja ndani. Irudishe kama nusu mita, izungushe kidogo ili ncha ibadili upande, kisha sukuma tena. Ikigoma palepale, funga alama ya tepu kwenye fishi pale mdomoni mwa bomba, ivute nje na upime. Sisi tulipata mita 6, pale pale penye shimo la maji taka.

Angalia na ncha. Ikigonga kitu kigumu na kutoka na unga wa saruji, bomba limepasuka au lilimwagiwa zege. Yetu ilikuwa inadunda kama springi na ikatoka safi, kwa hiyo ilikuwa ni elbo. Kona yake ni fupi mno kwa ncha ya fishi.

Msaidizi wangu alishauri, "Kaka, tukate elbo tuweke bendi ndefu, yatosha." Bendi ndefu ingepitisha fishi na isingeliumiza sana ganda, ni kweli. Lakini nyuzi zingebaki 90, na msuguano unafuata nyuzi. Kona zingebaki nne. Tulichimba, tukakata elbo, tukajenga chemba ndogo ya tofali yenye mfuniko, kokoto chini ili maji ya masika yanywewe na ardhi. Kebo inapita humo nzima, haiungwi.

Sasa tukavuta kwa awamu mbili, chemba ikiwa katikati. Tulimenya ganda la nje sentimita 15, tukakata kora mbili fupi kuliko ya tatu, kila moja kwa urefu wake, kisha ile ndefu ikapita kwenye jicho la fishi na kukunjwa. Tukazungushia tepu hadi ncha ikawa nyembamba mbele na kunenepa taratibu nyuma. Fundo nene ndilo linalokwama kwenye kona. Kilainishi ni kile cha kuvutia kebo, au poda ya talki. Grisi na oili huharibu plastiki. Mmoja analisha kebo bila kuiacha ijipinde, mwingine anavuta polepole, wakiambiana. Ingizia kebo upande ambao kona ziko karibu na mdomo, ili izipite nguvu ikiwa bado ndogo.

Baada ya kuvuta tulipima uzima wa ganda kwa mega ya volti 500 kati ya kora na kora, na kati ya kora na ardhi, kabla ya kuunga pampu. Chini ya megaomu 1 kebo hairuhusiwi kuwashwa. Ikisoma hivyo, itoe na ukague sehemu iliyopita kwenye kona, hapo ndipo ganda huchubuka.