Mwanafunzi Akipinga Alama, Mjibu kwa Jedwali

Barua za kulalamikia alama huwa na sentensi moja inayojirudia: "Mwalimu, nimetaja hoja zote, kwa nini nimepata 12 kati ya 20?" Wahadhiri wenzangu wengi hujibu kwa mistari miwili, kwamba alama zimetolewa kwa haki. Jibu hilo halimwelezi chochote, na kesho yuko kwa mkuu wa idara.

Mimi kwanza naisoma kazi upya nikiwa nimefunika alama za mwanzo, kisha naandika. Hii ni sehemu ya barua niliyomwandikia mwanafunzi wa mwaka wa kwanza. Swali lilikuwa: "Tathmini ni kwa kiasi gani kilimo cha pamba cha lazima kilisababisha Vita vya Majimaji."

"Ndugu, nimeisoma tena insha yako. Ushahidi umepata 4 kati ya 6, mpangilio 2 kati ya 3, lugha na marejeo 2 kati ya 3. Malalamiko yako yanahusu uchambuzi, ulikopata 4 kati ya 8. Jedwali la vigezo mlilopewa pamoja na swali linasema 3 hadi 5 ni kwa 'anayetaja na kueleza sababu', na 6 hadi 8 ni kwa 'anayepima uzito wa sababu moja dhidi ya nyingine'. Ukurasa wa pili umeandika: 'Sababu nyingine ilikuwa kodi. Sababu nyingine ilikuwa imani ya maji.' Yote ni kweli, ila hujasema ipi ilikuwa na uzito zaidi, wapi, na kwa nini. Wamatumbi waling'oa pamba Nandete Julai 1905. Wangoni waliingia vitani Septemba, nao walikuwa na kinyongo cha kunyang'anywa utawala wao. Ungeweka maeneo hayo mawili kando kwa kando ukauliza kama pamba inaeleza yote mawili, ungevuka kwenda 6. Alama inabaki 12."

Kiini cha ugomvi kiko hapo. Sekondari mwanafunzi amezoea kwamba kila hoja ina alama zake: hoja sita, utangulizi, hitimisho, umemaliza. Jedwali la vigezo halihesabu hoja, linaangalia kiwango. Usipomwonyesha tofauti hiyo kwa maneno ya jedwali lenyewe, pamoja na sentensi yake mwenyewe, ataendelea kuamini umemwibia.

Akidai mwenzake kapata 15 kwa hoja zilezile, usijadili kazi ya mwenzake hata kidogo. Mwambie tu kila insha hupimwa kwa jedwali, si kwa insha ya jirani. Na usiongeze alama moja ya kumnyamazisha. Jioni hiyohiyo kundi la WhatsApp la darasa litakuwa limejua, na foleni itaanza mlangoni kwako.

Mstari wa mwisho wa barua namwelekeza pa kukatia rufaa: kwa mkuu wa idara, kwa maandishi, akiambatanisha insha na barua hii.