Hedifoni za Bluetooth: gemu linasikika safi mpaka ufungue maiki

*"Wakuu naombeni msaada. Nina kompyuta ya mezani ya Windows 10 na hedifoni za Bluetooth zenye maiki yake. Muziki unapiga vizuri tu. Nikiingia kwenye gemu na kuongea na wenzangu kwa Discord, sauti inakuwa kama redio ya mkulima, sijui adui yupo kushoto au kulia, na siku nyingine wenzangu wanaongelea kwenye TV. Halafu kuna kukwaruza. Nimefuta draiva na kuziweka upya mara mbili, wapi! Ninunue hedifoni nyingine?"*

Mkuu, pesa yako iache mfukoni kwanza. Ukinunua hedifoni nyingine za Bluetooth, hata za bei mbaya, kuna uwezekano mkubwa ukarudi hapa na uzi huu huu. Mimi nilifanya kosa hilo. Nilibadilisha hedifoni, ugonjwa ukabaki.

Chanzo ni hii maiki ya hedifoni. Bluetooth ya kawaida ina njia mbili tofauti za kubeba sauti. Ya kwanza inaitwa A2DP: inapeleka sterio nzuri kutoka kompyuta kwenda masikioni, basi, haina nafasi ya kurudisha sauti yako. Ya pili ni HFP, ambayo ilibuniwa kwa ajili ya kupokea simu huku mikono ikiwa kwenye usukani. Hiyo inabeba mazungumzo ya pande zote mbili, lakini kwa mono, na kwa sampuli za kHz 8 au, kwa vifaa vipya kidogo, kHz 16. Muziki wa CD ni kHz 44.1. Kwenye kHz 8, chochote kilicho juu ya kHz 4 hakipiti kabisa, na huko juu ndiko ziliko nyayo kwenye changarawe, vioo vinavyovunjika, na ule mlio mdogo wa mtu anayebadilisha magazini nyuma ya ukuta.

Kwa hiyo Discord ikiomba maiki ya hedifoni, hedifoni zinaiacha njia ya kwanza na kuhamia ya pili. Kushoto na kulia vinakufa hapo hapo, maana mono haina kushoto wala kulia. Draiva hazina kosa, ndiyo maana kuzifuta hakukusaidia.

Hakikisha mwenyewe kabla hujanisadiki. Piga wimbo unaoujua vizuri, kisha fungua Discord, nenda `User Settings`, `Voice & Video`, ubonyeze kitufe cha kujaribu maiki. Ukisikia wimbo unazama ndani ya kopo, au unanyamaza kabisa, baada ya sekunde moja hivi, na ukisimamisha jaribio unarudi, basi ndiyo yenyewe.

Dawa ni kuziachia hedifoni kazi ya kusikiliza tu, maiki itoke kwingine. Kamera ya USB yenye maiki inatosha. Mimi natumia maiki ndogo ya kubana kwenye kola, ya waya, yenye jeki ya milimita 3.5, ile wanayotumia vijana wanaorekodi video kwa simu. Kwenye kompyuta ya mezani inaingia tundu la rangi ya waridi. Ila angalia jeki yenyewe: yenye mistari mitatu myeusi ni ya simu, na kwenye tundu la waridi inaweza isisikike mpaka uweke kigawanyio chenye tundu moja na jeki mbili, moja ya hedifoni na moja ya maiki. Mimi ilinipotezea jioni nzima nikidhani maiki ni mbovu.

Sasa kazi yenyewe. Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika:

```
mmsys.cpl
```

Litafunguka dirisha la zamani la sauti. Achana na lile jipya la Settings kwa sasa, hili linaonyesha mambo waziwazi. Kwenye ukurasa wa `Playback`, hedifoni zako zinaonekana mara mbili kama vile ni vifaa viwili: kimoja kimeandikwa `Headphones` na mwishoni neno `Stereo`, kingine `Headset` na mwishoni `Hands-Free AG Audio`. Ni kifaa kimoja chenye zile njia mbili nilizokueleza. (Kwenye Windows 11 utakuta jina moja tu, lakini ndani ugomvi ni uleule.)

Bofya kwa kitufe cha kulia cha kipanya kwenye ile ya `Stereo`, uchague `Set as Default Device`, kisha rudia na uchague `Set as Default Communication Device`. Watu wengi hufanya ya kwanza na kuisahau ya pili. Windows ina nafasi mbili za ukuu: kifaa kikuu cha sauti zote, chenye alama ya tiki ya kijani, na kifaa kikuu cha mawasiliano, chenye alama ya simu ya kijani. Programu ya maongezi iliyoachwa kwenye `Default` inaweza kuifuata alama ya simu wakati gemu linafuata tiki. Hapo ndipo gemu linapotokea huku na watu wanatokea kule.

Ukimaliza, ile ya `Hands-Free` ibofye hivyo hivyo uchague `Disable`. Nenda ukurasa wa `Recording`, zima na maiki ya hedifoni, kisha uifanye maiki yako mpya kuwa kuu kwa nafasi zote mbili. Hii ya kuzima kwenye `Recording` usiiruke. Ikibaki hai, siku moja kivinjari kitaiomba maiki hiyo kwa kikao cha kazini na utarudi kwenye kopo bila kujua kwa nini. Hasara yake ni kwamba kwenye kompyuta hiyo hedifoni hazitapokea tena sauti yako. Kwenye simu zitaendelea kama kawaida.

Ukiwa bado humo, fungua ukurasa wa `Communications` uweke `Do nothing`. Kwa kawaida Windows hushusha sauti nyingine kwa asilimia 80 ikihisi kuna maongezi, na wengi hulilaumu gemu.

Tuje kwenye TV. Kwangu kompyuta ilikuwa imeungwa na TV ya sebuleni kwa waya wa HDMI, ukutani kupitia tundu nililotoboa mwenyewe. Usiku mmoja nacheza, nasikia gemu vizuri, lakini wenzangu kimya. Naita, hakuna anayejibu. Kumbe wanajibu, tena kwa kelele na matusi ya vijana wa gemu, ila wanajibia sebuleni, na mama mkwe alikuwa ameketi pale akiwa ameshika rimoti. Sitasimulia zaidi.

Sababu ni kwamba TV yoyote iliyoungwa kwa HDMI ni kifaa cha sauti kwa Windows. Ikiwashwa, inajitokeza kwenye orodha, na kama hedifoni zilikuwa zimezimwa dakika ile, TV inakalia kiti. Ukija kuwasha hedifoni, programu iliyokwishafunguka huenda isihame. Kama huhitaji sauti ya TV kutoka kompyuta, izime kwenye `Playback`. Kama unaihitaji siku za sinema, basi kwenye Discord usiache `Default`. Chagua `Output Device` na `Input Device` kwa majina yao. Pia Windows 10 ina ukurasa wa `App volume and device preferences` ndani ya `System`, `Sound`, ambapo kila programu unaipangia kifaa chake. Kama uliwahi kuchezea humo ukasahau, kuna kitufe cha `Reset`. Na washa hedifoni kwanza, gemu baadaye, maana magemu mengi huchagua kifaa wakati wa kufunguka tu.

Kuhusu sauti ya kuzunguka sitakaa sana. A2DP inabeba chaneli mbili, kwa hiyo usihangaike kutafuta 7.1 kwenye orodha, haimo. Unachohitaji ni hesabu inayodanganya masikio mawili. Kama gemu lina kipengele cha `HRTF`, kiwashe humo na uache cha Windows kimezimwa. Kama halina, bofya kialama cha spika karibu na saa kwa kitufe cha kulia, fungua `Spatial sound` na uchague `Windows Sonic for Headphones`. Vyote viwili kwa pamoja vinafanya sauti iwe kama mtu anaongea bafuni.

Kukwaruza ndiko kunakohitaji uchunguzi, kwa sababu kunaweza kutoka angani au ndani ya kompyuta. Pima hivi: chomeka hedifoni yoyote ya waya, hata ya simu, ucheze nusu saa. Kama mkwaruzo upo hata kwa waya, kompyuta yenyewe inachelewa kuhudumia sauti. Kama umepotea, ni mawimbi ya redio.

Kwangu ulipotea. Nikaanza kuangalia unakuja lini, nikagundua unakuja ninaponakili sinema kwenye diski ya nje. Kidude changu cha Bluetooth kilikuwa nyuma ya kompyuta, kimebanana na waya wa diski hiyo kwenye matundu ya USB 3. Bluetooth inatumia masafa ya 2.4 GHz, na USB 3 inapopitisha data hutoa kelele ya redio inayoangukia masafa hayo hayo. Intel walichapisha vipimo vya jambo hili mwaka 2012, si uchawi. Nilitumia waya wa kurefushia USB wa mita moja, nikakileta kidude juu ya meza, mbali na diski, kikionana na kichwa changu. Sinema ikanakiliwa yote bila mkwaruzo hata mmoja. Kama kompyuta yako inatumia Wi-Fi ya 2.4 GHz, ihamishie 5 GHz kama ruta inayo, nayo inapunguza msongamano.

Ukikuta mkwaruzo unabaki hata kwa waya, pakua LatencyMon, programu inayoonyesha draiva ipi inachelewesha sauti, iache ikimbie huku unacheza kama dakika kumi, kisha fungua ukurasa wa `Drivers` na uipange kwa `Highest execution`. Ukiona `ndis.sys` juu, anza na kadi ya mtandao: iondoe Wi-Fi kwa muda uone. Ukiona `nvlddmkm.sys`, hiyo ni draiva ya kadi ya picha ya Nvidia. Piga picha ya ukurasa huo uiweke hapa, useme na hedifoni ulizopima ni zipi, tuendelee kutoka hapo.