Maswali na majibu: Wateja wanakuitaje usipokuwepo?

"Natengeneza unga wa bukari hapa Lubumbashi, mifuko ya kilo 5. Kwenye mfuko nimeandika 'asili, afya ya familia, wa kwetu Katanga'. Nimeuliza wanunuzi 14 na majibu yao nakutumia. Wengi wanauita 'unga wa wageni'. Nifurahi au nilie?" (Mama wa komine ya Kenya)

Mama, kwanza pongezi kwa kuandika majibu kama walivyoyasema, bila kuyanyoosha. Nimeyapanga katika mafungu matatu: yale mnayosema wote, yale unayosema wewe peke yako, na yale wanayosema wao peke yao.

Fungu la kwanza ni tupu kabisa. Katika la pili yamo maneno yako yote matatu: "afya" imetajwa na mtu mmoja tu, asiyetosha kuliingiza fungu la kwanza, "asili" hakuna, na "wa kwetu" hakuna. Tena watatu wamesema unga wako unatoka Zambia! Siwashangai. Mji huu umezoea unga unaopita mpakani Kasumbalesa, na mfuko wako unang'aa kama mifuko ya huko. Hilo ndilo la kusahihisha mapema, na si kwa kuandika "Katanga" kwa herufi kubwa zaidi. Andika mahali unaposagwa, komine na avenyu, pamoja na tarehe ya kusaga. Anayesoma tarehe ya juzi hataambiwa kwamba umetoka mbali.

Fungu la tatu ndilo lenye utajiri. Tisa wanasema "mweupe, hauna mchanga". Wewe hukuandika neno hata moja kuhusu kupepeta na kuchambua mawe, na nadhani najua sababu: unafanya kila asubuhi, kwa hiyo kwako si habari. Kwa mwanamke aliyewahi kutafuna kokoto mbele ya wakwe, ni habari kubwa, iandike mfukoni.

Sasa hiyo "afya". Weupe wanaousifu unatokana na kuondoa pumba na kiini cha punje, na humo ndimo zilimo nyuzi na sehemu kubwa ya vitamini. Mfuko mmoja hauwezi kujisifu kwa weupe na kwa afya, na mnunuzi anayejua mambo atakuuliza. Ningelifuta neno hilo leo.

Linabaki jina la "unga wa wageni", lililosemwa na wanane. Ni sifa, lakini ina ukingo: wageni hawaji kila siku. Kabla hujafurahi, rudi kwa hao wanane na maswali mawili tu. Mara ya mwisho ulinunua lini? Jana usiku mlisonga bukari ya unga gani? Nikikisia, utasikia kwamba siku za kawaida wanapimiwa unga wa sokoni kwa kopo na kuuchanganya na wa muhogo, na wako unatoka kabatini Jumapili. Ikiwa ndivyo, una njia mbili. Ya kwanza ni kukubali kiti ulichopewa: mfuko wa kilo 2 kwa anayepokea mgeni mmoja, na mzigo mkubwa kwa harusi na matanga. Ya pili ni kutoa unga mwingine usiopepetwa sana, wa bei ya chini, wenye mfuko na rangi yake. Huo ndio ungeweza kuzungumza habari ya afya bila haya.

Mimi ningeanza na ya kwanza, kwa sababu haihitaji kumbadilisha mtu mawazo. Ila usichapishe mifuko elfu. Bandika karatasi mpya kwenye mifuko michache, uiweke meza moja na ya zamani kwa wiki 4, kisha uwaulize wanunuzi wapya swali lilelile. Wakianza kutaja avenyu yako au kokoto, umesikika. Wakirudia "wa Zambia", karatasi haijasomwa.

"Nikiwauliza wateja wananisifu tu. Niwaulize wangapi, na nani aulize?" (Mshona nguo, Kamalondo)

Si wewe, ndugu. Nani atamwambia fundi usoni kwamba suruali inabana, na kitambaa chake kingine bado kiko mezani? Mtume mtu wasiyemjua, asiye jamaa yako, na asiseme katumwa na nani mpaka mwisho. Asiulize "unaonaje?" Aulize: "Dada yako akitaka kushonesha, utamwambia nini kuhusu fundi huyu?" Halafu: "Akiwa amefunga, unakwenda kwa nani?" Jibu la pili linakuonyesha unalinganishwa na nani. Mara nyingi si yule unayemwona mshindani wako. Pengine ni mitumba.

Kuhusu idadi, mwaka 2006 ulitoka utafiti wa mahojiano 60 na wanawake wa Ghana na Naijeria, na watafiti waliona kuwa mambo mengi makuu yalikuwa yameshajitokeza ndani ya mahojiano 12 ya kwanza. Kwa biashara kama yako, 12 hadi 15 wanatosha kukujulisha watu wanasema nini. Hawatoshi kukwambia ni asilimia ngapi ya mji wanaosema hivyo, kwa hiyo usiende kujitangazia asilimia. Na kati yao, wanne angalau wawe wale walioacha kuja. Hao ndio wagumu kuwapata, na ndio wenye maneno usiyoyajua.

"Niliwatumia wateja swali kwa WhatsApp: 'Unapenda nini katika usafirishaji wetu wa haraka na salama?' Wote wamejibu haraka na usalama. Kwa hiyo hakuna pengo kati ya ninayosema mimi na wanayosema wao, sivyo?" (Kijana wa pikipiki, Katuba)

Umewapa jibu, wakakurudishia. Futa, uanze upya bila kutaja sifa yoyote.

"Wanasema saluni yangu ni ghali. Kusuka kwangu ni faranga 40,000, na jirani zangu ukijumlisha yote wanafika hapohapo. Wananionea?" (Dada wa Kampemba)

Umejijibu mwenyewe uliposema "ukijumlisha yote". Jirani anataja 20,000 za mikono yake, na mteja anakwenda na meshi zake alizonunua sokoni. Wewe unataja 40,000 pamoja na meshi. Mteja anasikia tarakimu mbili na kuzilinganisha. Hesabu ya meshi haimo kichwani mwake kwa sababu alizilipa siku nyingine, mahali pengine.

Lakini hakikisha kwanza. Mwombe mtu asimame nje na kuwauliza wapita njia watano au sita, ambao hawajawahi kuingia: "Unadhani kusuka hapa ni ngapi?" Wakitaja 60,000, tatizo ni sura: mlango wa kioo, kiyoyozi, na hakuna bei ukutani, basi mtu anajaza woga wake mwenyewe. Wakitaja 40,000 na bado wanasema ni ghali, tatizo ni lile la meshi.

Dawa ya la kwanza ni ubao wa bei unaosomeka kutoka barabarani. Ya la pili ni ubao huohuo wenye mistari miwili, kusuka peke yake na meshi peke yake, na ruhusa ya mtu kuja na zake. Wengine watakuja na meshi mbovu zinazonyonyoka baada ya wiki na lawama zitakuangukia, kwa hiyo mwoneshe mteja zilivyo kabla hujaanza kichwa chake.