Usiitumbue chokea: mimi niliitumbua

Juma lililopita msomaji mmoja aliniandikia kwamba ametokwa na chokea kwenye ukope wa juu, kwamba ameikanda siku tatu bila nafuu, na kwamba sasa imetokeza kichwa cheupe kinachomtamanisha kukitumbua. Nilimjibu asithubutu, kisha nikaona haya, kwa sababu mwaka jana niliambiwa maneno hayo hayo nami nikayapuuza.

Yangu ilianza kama punje ya mchanga iliyojificha chini ya ukope. Kufikia jioni, shina la unywele mmoja lilikuwa limekuwa jekundu na likiuma kila nilipopepesa. Chokea ni jipu dogo: tezi iliyo kwenye ukingo wa ukope huziba, kisha bakteria, mara nyingi stafilokoki ambao hukaa kwenye ngozi zetu bila kutudhuru, huzaana humo na kutunga usaha. Ndiyo sababu ya kukanda kwa joto, kwani joto hulainisha mafuta yaliyoganda na kuufungulia usaha njia utoke wenyewe.

Hayo niliyajua, tena nilijivunia kuyajua. Hata hivyo, nilichokuwa nikifanya ni kuchovya kitambaa katika maji ya uvuguvugu, kukibandika jichoni mara moja kwa siku, na kukiacha hapo mpaka kipoe, huku jicho la pili likisoma ujumbe kwenye simu. Kitambaa chembamba hupoa baada ya dakika moja au mbili, na kikishapoa hakikandi chochote. Inafaa maji yawe ya moto kiasi ambacho ngozi ya ndani ya kifundo cha mkono inakistahimili bila kushtuka, jicho lifumbwe, na kitambaa kichovywe upya kila kinapopoa, hadi zitimie dakika tano hadi kumi. Zoezi hilo hurudiwa mara tatu au nne kwa siku. Linachosha, nakiri, lakini chokea nyingi hupasuka zenyewe baada ya siku chache na kupona ndani ya juma moja au mawili.

Mimi sikungoja. Usiku wa siku ya nne nilisimama mbele ya kioo nikaiminya kwa kucha mbili, kikatoka kitone cha usaha na damu, nikalala nikijiona mganga. Kulipokucha jicho halikufunguka. Ukope wote ulikuwa umevimba na kung'aa, na wekundu ulikuwa umeteremka hadi shavuni.

Daktari aliuinua ukope wangu kwa kidole, akanisomesha herufi kwa jicho moja moja, kisha akaniamuru nifuatishe kalamu yake juu, chini na pembeni bila kugeuza kichwa, huku akiuliza kama naumia jicho linapozunguka na kama kalamu naiona moja au mbili. Akanipima na homa. Alinieleza kwamba nyuma ya ukope kuna utando mwembamba: maambukizi yakibaki mbele yake, jicho lenyewe huwa salama, yakivuka na kuingia nyuma, jicho hutokeza nje, huuma likisogezwa, huona ukungu au vitu viwili viwili, na mgonjwa hulazwa siku hiyo hiyo kwa sababu uwezo wa kuona unaweza kupotea. Yangu yalikuwa mbele. Nilipewa vidonge vya antibayotiki na kutakiwa kurudi kesho yake. Kisha akaniuliza, mbele ya watu, kama sikuwa na kazi nyingine ya kuzipa kucha zangu. Swali hilo linaniuma hadi leo, lakini lilikuwa la haki.

Tangu hapo nanawa mikono kwa sabuni kwa sekunde zisizopungua ishirini, na chini ya kucha pia, kabla na baada ya kugusa jicho. Nanyi fanyeni hivyo. Kitambaa cha kukandia kiwe cha jicho moja, kifuliwe kwa maji ya moto kila siku, na taulo la uso lisichangiwe. Wanja na lenzi za machoni ziwekwe kando mpaka ukope upone, na wanja uliotumika karibu na chokea utupwe, hata kama roho inauma.

Msomaji wangu nilimwonya pia kuhusu kuona ukungu. Tongotongo huweza kutia ukungu, lakini huo huondoka mtu akipangusa na kupepesa. Usipoondoka, au uvimbe ukienea nje ya ukope, au homa ikipanda, aende hospitali siku hiyo hiyo badala ya kuendelea kukanda. Jana amenijibu kwamba chokea imepasuka yenyewe katikati ya kukanda, na kwamba kimebaki kinundu kigumu kisichouma. Nimemwambia aendelee na joto, na kama kitakuwa bado kipo baada ya mwezi, akamwonyeshe daktari wa macho.