Hadhi ya sayari: soma mwenyeji kabla ya kuhesabu alama

Mwanafunzi anayeanza kusoma chati za unajimu hupewa mapema sana jedwali la hadhi za sayari, na kwa kuwa jedwali ni fupi na linakaririka, hulitumia kama mizani ya dukani: sayari hii ina nguvu, ile ni dhaifu, jumla ni kadhaa, basi hukumu imetoka. Nimewafundisha watu wa namna hiyo kwa muda mrefu, na ushauri wangu wa kwanza kwao huwa ni kuliacha jedwali kando kidogo na kujiuliza swali ambalo jedwali lilitungwa kulijibu: je, sayari hii, pale ilipo, inatumia mali yake yenyewe au inaishi kwa mali ya mwingine?

Hadhi ya asili ni hali ambayo sayari inaipata kutokana na burji iliyomo, yaani mojawapo ya sehemu 12 za duara la nyota, bila kutazama saa wala mahali pa tukio. Hali kuu ni nne. Sayari ikiwa katika burji inayoitawala, imo makaoni mwake. Ikiwa katika burji inayoitukuza, imo katika sharafu. Ikiwa katika burji inayokabiliana na makao yake, imo katika wabali, yaani ugenini kusikomfaa. Na ikiwa katika burji inayokabiliana na sharafu yake, imo katika hubuti, yaani imeshuka. Ukijua makao na sharafu, hizo nyingine mbili huna haja ya kuzikariri, kwa kuwa unavuka tu upande wa pili wa duara.

Makao nayo yana mpangilio unaosaidia kumbukumbu. Ptolemi, aliyeandika huko Iskandaria katika karne ya 2, anaeleza kwamba Kaa na Simba, ambazo Jua huzipita wakati wa joto kali la kaskazini, zilipewa Mwezi na Jua. Kutoka hapo sayari nyingine zinapangwa pande zote mbili kwa kufuata umbali wao: Utaridi anapata Mapacha na Mashuke, Zuhura anapata Ng'ombe na Mizani, Mirihi anapata Punda na Nge, Mushtari anapata Samaki na Mshale, na Zohali, aliye mbali na mwenye baridi, anapata Ndoo na Mbuzi, uso kwa uso na mianga miwili. Wanafunzi wa kwetu huuliza, na wana haki ya kuuliza, mbona mwezi wa Julai na Agosti Dar es Salaam ni kipindi cha ubaridi. Jibu ni kwamba mfumo huu ulizaliwa kaskazini mwa Ikweta na bado unabeba majira ya huko. Unajimu wa mapokeo haukuubadilisha kwa ajili ya kusini, nasi tunaoutumia tunaupokea hivyo ulivyo.

Sharafu haina mpangilio mzuri kama huo. Jua linatukuzwa katika Punda, wakati mchana wa kaskazini unapoupita usiku kwa urefu, na linashuka katika Mizani, wakati usiku unapoanza kutawala. Zohali ni kinyume chake kamili: hutukuzwa katika Mizani, hushuka katika Punda. Mwezi hutukuzwa katika Ng'ombe, Utaridi katika Mashuke, Zuhura katika Samaki, Mirihi katika Mbuzi na Mushtari katika Kaa. Hayo hayana budi kukaririwa.

Tofauti ya makao na sharafu ndiyo inayowachanganya wengi. Sayari iliyo makaoni mwake ni mwenye nyumba: haihitaji kuomba kitu, inajua kila kilipo, na inaweza kumaliza shughuli yake kimya kimya bila mtu kutambua. Sayari iliyo katika sharafu ni mgeni wa heshima aliyekaribishwa mbele na kupewa kiti cha juu. Anaonekana, anasifiwa, lakini nyumba si yake. Ndiyo maana wanajimu wa zamani waliipa sharafu hadhi kubwa bila kuifanya sawa na makao. William Lilly, aliyechapisha kitabu chake London mwaka 1647, alitoa alama 5 kwa makao na 4 kwa sharafu, akaondoa 5 kwa wabali na 4 kwa hubuti. Alama hizo ni msaada wa kumbukumbu. Anayezijumlisha na kuzitoa kama hesabu za duka atajikuta na namba isiyosema lolote kuhusu namna sayari inavyofanya kazi.

Tuchukue chati moja tuione kwa karibu. Bendera ya Tanganyika ilipandishwa Dar es Salaam saa sita usiku, usiku wa kuamkia tarehe 9 Desemba 1961. Kwa hesabu ya majira, yaani ile inayoanza Punda pale Jua linapovuka Ikweta kuelekea kaskazini mwezi Machi, burji inayochomoza mashariki saa hiyo ni Mashuke. Mtawala wa Mashuke ni Utaridi, kwa hiyo Utaridi ndiye mtawala wa chati yote. Yuko wapi? Yuko katika Mshale, burji ya Mushtari, inayokabiliana na Mapacha, makao yake mwenyewe. Huo ni wabali. Tena yuko karibu mno na Jua, ndani ya zile nyuzi 8 na nusu ambazo mapokeo yanasema sayari inaungua, haionekani, na inafanya kazi chini ya kivuli cha mkubwa.

Mwanafunzi wa jedwali ataishia hapo na kuandika: mtawala wa chati ni dhaifu. Amesema kweli, lakini ni robo ya kweli. Utaridi ni sayari ya hesabu, barua, mikataba na mambo madogo madogo. Katika burji ya Mushtari anaulizwa mambo ya imani, sheria na shabaha za mbali. Hapotezi akili. Anachopoteza ni kutumia vifaa vyake mwenyewe: atazungumza vizuri juu ya lengo kuliko juu ya hatua za kulifikia, na utekelezaji wake utamtegemea mwenyeji wake, yaani mtawala wa burji alimo. Hivyo swali linalofuata si “Utaridi ana alama ngapi?” bali “Mushtari ana hali gani?”

Mushtari yuko katika Ndoo. Hapo si makaoni mwake, wala si sharafu, wala si wabali, wala si hubuti. Ni msafiri asiye na cheo mahali alipo. Naye anamtazama mwenyeji wake, ambaye ni Zohali. Na Zohali yuko katika Mbuzi, nyuzi ya 27 hivi, zikiwa zimebaki wiki chache tu kabla hajaingia Ndoo mwanzoni mwa Januari 1962. Mbuzi ni makao yake. Mnyororo unaishia hapo, kwa kuwa aliye kwake hana mwenyeji wa kumtazama. Utaridi anamtegemea Mushtari, Mushtari anamtegemea Zohali, na Zohali anajitegemea. Ukiwatazama Jua, Zuhura na Mirihi, ambao saa hiyo nao wote wamo katika Mshale, utaona wanapita njia ileile na kufika palepale.

Sasa hukumu imebadilika sura. Mtawala wa chati ni dhaifu kwa asili yake, lakini deni lake linalipwa na sayari yenye nguvu kamili, sayari ya ardhi, kilimo, uzee, subira na kazi nzito. Jambo linaanza kwa maneno makubwa na linakamilika, kama linakamilika, kwa njia ya Zohali: polepole, kwa jasho, kwa kubana matumizi. Mtu atakumbuka mara moja wito wa “Uhuru na Kazi”, na mimi hujizuia hapo, kwa sababu tunaisoma chati hii tukiwa tayari tunaijua historia, na chati inayosomwa baada ya tukio humkubalia kila msomaji. Mfano huu unafundisha njia ya kusoma. Hauthibitishi kwamba njia hiyo ni ya kweli.

Jambo la pili la kuangalia katika mfano huohuo ni kwamba hadhi ya asili haisemi lolote kuhusu sayari kupata nafasi ya kutenda. Hiyo huonekana kwenye nyumba 12 za chati, ambazo hutegemea saa na mahali. Ukihesabu kila burji kuwa nyumba moja kuanzia Mashuke, Utaridi dhaifu amekaa katika nyumba ya 4, ambayo ni mojawapo ya nguzo za chati, ilhali Mushtari anayetakiwa kumsaidia yumo katika nyumba ya 6, mahali pa shida na utumwa. Hivyo mwenye uwezo mdogo ana jukwaa, na mwenyeji wake amefichwa. Chati nyingi huwa hivi, na anayechanganya uwezo na nafasi atashangaa kwa nini sayari iliyo makaoni mwake haikuonekana kufanya kitu, au kwa nini iliyo katika hubuti ilivuma kila mahali. Sayari dhaifu iliyokaa kwenye nguzo hutenda sana. Shida iko katika ubora wa inachotenda.

Mwisho kuna hatari ambayo wengi huigundua wakati wameshaandika kurasa nyingi. Programu za simu na kompyuta hutoa chati kwa hesabu ya majira au kwa hesabu ya nyota zenyewe, ile inayotumiwa na wanajimu wa Kihindi, ambao wapo wengi pia katika miji yetu ya pwani. Mwaka 1961 tofauti ya hesabu hizo mbili ilikuwa nyuzi 23 na ushei. Ukizirudisha nyuma sayari zetu kwa kiasi hicho, Zohali anabaki Mbuzi, ingawa sasa yuko mwanzoni mwa burji. Utaridi anarudi Nge na wabali wake unatoweka. Mirihi naye anarudi Nge, ambako ni kwake, na kwa hiyo ndiye anayekuwa mwenyeji wa Utaridi, Jua na Zuhura. Mushtari anarudi Mbuzi, penye hubuti yake. Hata burji inayochomoza si Mashuke tena bali Simba, na mtawala wa chati ni Jua. Ni saa ileile na mji uleule, lakini hukumu yetu ya hapo awali kuhusu hadhi ya Utaridi haibaki. Kabla ya kuandika neno “makao” au “hubuti” pembeni ya sayari yoyote, fungua mipangilio ya programu yako, tazama ni hesabu gani imechaguliwa, na uiandike juu ya karatasi pamoja na tarehe na saa.