Nyaraka zilizojificha katika maelekezo ya viza

Naomba viza ya mwanafunzi ya Uingereza. Nikisoma ukurasa wa nyaraka naona pasipoti na namba ya CAS, yaani uthibitisho wa chuo kwamba kimenipokea, tu. Kweli ni hivyo viwili?

Hivyo ni vya kila mwombaji. Vingine vimetawanyika katika aya za fedha, afya na umri. Bonyeza Ctrl+F, kisha utafute neno moja moja: must, need, evidence na, lililo muhimu kuliko yote, if. Kila linapojitokeza, soma aya nzima na ufungue viungo vyake, kwa maana cheti cha kipimo cha kifua kikuu, ambacho mkazi wa Tanzania au Kenya anayekwenda kukaa zaidi ya miezi 6 hawezi kukikwepa, kimeelezwa kwa kina katika ukurasa mwingine.

Ada atalipa baba, fedha ziko kwenye akaunti yake. Nimeandika "fedha" katika orodha yangu ya nyaraka za kutia tiki. Inatosha?

Haitoshi, kwa kuwa mstari unaotiwa tiki unapaswa kutaja karatasi moja inayoweza kushikwa mkononi. Kwa hali yako, sharti hilo moja linazaa mistari mitatu:

☐ Taarifa ya benki ya baba, inayoonyesha kuwa kiasi kinachotakiwa kilikuwepo siku 28 mfululizo, na siku ya mwisho ya kipindi hicho iwe ndani ya siku 31 kabla ya kulipia maombi.
☐ Cheti chako cha kuzaliwa chenye jina la baba.
☐ Barua ya baba inayothibitisha kuwa wewe ni mwanawe na kwamba ameridhia utumie fedha hizo.

Kama cheti kimeandikwa kwa Kiswahili pekee, ongeza wa nne: tafsiri iliyothibitishwa, yenye tarehe, jina, sahihi na mawasiliano ya mfasiri. Mstari wa benki ndio unaohitaji jicho kali zaidi, maana salio likishuka chini ya kiwango hata kwa siku moja, hesabu ya siku 28 inaanza upya, ingawa salio la mwisho linapendeza.

Mistari isiyonihusu, kama ATAS, niifute?

Usiifute, andika "hainihusu" pamoja na sababu. ATAS ni kibali cha serikali ya Uingereza kinachodaiwa kwa baadhi ya masomo nyeti ya sayansi na uhandisi ya ngazi ya juu, na chuo chako ndicho kitakachokuthibitishia. Vivyo hivyo, aliyesomeshwa na serikali katika miezi 12 iliyopita huhitaji barua ya idhini ya mfadhili, jambo ambalo wengi hulipita wakidhani ufadhili uliokwisha hauwahusu tena.

Tiki niiweke lini?

Si siku unayoagiza hati, bali baada ya kuipata na kulinganisha jina lililomo na la pasipoti, herufi kwa herufi. Kando ya kila mstari andika tarehe ya mwisho wa matumizi: cheti cha kifua kikuu hudumu miezi 6, hivyo kisitangulie mno, na taarifa ya benki ichukuliwe mwishoni, maombi yakiwa tayari kulipiwa.