Barua kwa mwanangu: kabla hujaacha chaki katikati ya muhula

"Shikamoo baba. Nimepata kazi nyingine na lazima niondoke kabla muhula haujaisha. Barua ya kuacha kazi niiandikeje, hasa hapo pa kukabidhi vipindi, kumbukumbu na usahihishaji?"

Marahaba mwanangu. Mama yako amenisomea ujumbe wako huku anabangua karanga, kisha akaniachia mimi nijibu, maana shuleni ndiko nilikozeekea.

Kwanza toa mkataba wako kabatini, usome muda wa notisi. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, kifungu cha 41, inataka notisi isiyopungua siku 28 kwa anayelipwa kwa mwezi. Iwe ya maandishi, yenye sababu na tarehe inapotolewa. Mkataba unaweza kudai muda mrefu zaidi, mradi uwe sawa kwako na kwa mwajiri. Notisi pia haitolewi mtu akiwa likizo, wala haiendi sambamba na likizo.

Sasa chukua kalenda. Umesema mtihani wa Biolojia wa nusu muhula utafanywa Jumatano tarehe 23 Septemba. Ukipeleka barua Jumatatu tarehe 7, siku 28 zinaishia tarehe 5 Oktoba. Mimi ningeandika kuwa siku yangu ya mwisho kazini ni Ijumaa tarehe 9. Una mikondo mitatu ya Kidato cha Pili, kila mmoja wanafunzi 48, yaani karatasi 144. Ukisahihisha 30 kwa siku baada ya vipindi, utahitaji siku tano za kazi, na tarehe 30 utakuwa umemaliza. Wiki inayobaki ni ya kukaa na mwalimu anayekupokea. Basi aya ya makabidhiano iwe hivi:

"Hadi tarehe 30 Septemba nitakuwa nimesahihisha karatasi zote 144 za Biolojia Kidato cha Pili na kuingiza alama. Kati ya tarehe 1 na 8 Oktoba nitamkabidhi mwalimu utakayemteua azimio la kazi lililowekwa alama mahali tulipofika, shajara la somo, daftari la alama, karatasi ya maswali na mwongozo wa usahihishaji. Naomba makabidhiano hayo yasainiwe na sisi wawili mbele ya mwalimu wa taaluma."

Mtihani ukisogezwa mbele na ukaona hutamaliza, sema mapema. Hapo usisahihishe mkondo A na B ukamwachia mwenzako C. Maswali ya kuchagua jibu hayana shida, ila kwenye insha mkono wa kila mwalimu ni wake: mmoja anatoa 9 mwingine anatoa 6 kwa jibu lile lile, na watoto wa C wataumia au watapendelewa bila kosa lao. Maliza sehemu ya kwanza na ya pili kwa mikondo yote mitatu, insha zote uache zisahihishwe na mkono mmoja kwa kufuata mwongozo wako. Kwenye barua utaje idadi iliyobaki.

Daftari la alama ndilo lililoniaibisha mimi. Niliwahi kuhama shule katikati ya mwaka nikaacha daftari safi, limepigwa mistari kwa rula, lina safu zilizoandikwa J1, J2, J3. Mimi nilijua J1 ni jaribio la alama 20 na J2 la 50. Aliyenipokea hakujua, akazichukua zote kuwa za 50. Binti aliyepata 18 kati ya 20, ambayo ni asilimia 90, akaandikiwa asilimia 36 kwenye ripoti. Mzazi alipokuja juu, mimi nilikuwa nimeshaondoka. Kwa hiyo juu ya kila safu andika ni jaribio gani, tarehe yake, na alama ni kati ya ngapi. Aliyekosa mtihani mwandikie "hakufanya". Usimwekee sifuri wala usiache nafasi wazi. Na alama zilizo kwenye simu yako zihamishie daftarini. Ukiondoka nazo umeondoka na kumbukumbu za shule.

Barua iende kwa Meneja wa Shule ikipitia kwa Mkuu wa Shule, kwa kuwa aliyekuajiri ndiye anayepewa notisi. Chapa nakala mbili, yako igongwe muhuri wa kupokelewa na iandikwe tarehe mbele ya macho yako. Mwishoni omba mshahara wa siku ulizofanya kazi, malipo ya likizo unayodai na cheti cha utumishi. Fomu ya makabidhiano iliyosainiwa itunze pamoja na nakala hiyo, ili mtu asije akasema ulikimbia na karatasi za watoto.

Sababu iwe mstari mmoja: umepata kazi kwingine. Hayo ya posho na maneno ya ofisini utatuhadithia ukija Mpwapwa Jumamosi. Njoo na rasimu, nami nitakuwa na kalamu nyekundu.

Baba yako